Boksi Moja la Sigara Busia

Boksi la sigara 10,000, yaani pakiti 500, si mzigo mkubwa. Linakaa nyuma ya bodaboda, likafunikwa na gunia la mahindi, na kwenye mpaka wa Kenya na Uganda njia za panya ni nyingi kuliko vizuizi.

Tangu Desemba 2024, ushuru wa bidhaa nchini Kenya ni shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, sawa na shilingi 82 kwa pakiti ya sigara 20. Ng'ambo ya pili, sigara za pakiti laini zinazotengenezwa Uganda zilitozwa kwa miaka kadhaa shilingi 55,000 za huko kwa kila 1,000. Kwa pakiti, hizo hazifiki shilingi 40 za Kenya. Anayevusha boksi moja anakwepa ushuru wa shilingi 41,000. Kwa kiwango hicho cha Uganda, hata kama alilipa ushuru wa huko, bado alibaki na zaidi ya 20,000 za kugawana na wenzake.

Hapo ndipo wenye viwanda wanaposimamia hoja yao: mkipandisha ushuru, mnamlisha mlanguzi. Hesabu haiwapingi. Ila pengo hilo lina pande mbili. Uganda ikipandisha wake, faida ya njia ya panya inapungua bila Kenya kugusa wake.

Kanada iliwahi kuisikiliza hoja hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, sigara za Kanada zilisafirishwa Marekani bila ushuru, kisha zikarudishwa kwa magendo, nyingi zikipitia eneo la Akwesasne mpakani. Februari 1994 serikali ikakata ushuru. Magendo yalipungua kweli, lakini mapato nayo yakashuka, na uvutaji miongoni mwa vijana ukaongezeka. Kilichokuja kujulikana baadaye kinachekesha na kuudhi: mwaka 2008 kampuni mbili kubwa za sigara zilikiri makosa yanayohusiana na magendo hayo hayo, zikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni moja za Kanada, faini na fidia pamoja.

Kenya ilichukua njia nyingine. Kuanzia 2013, Mamlaka ya Mapato, KRA, iliweka stempu zenye msimbo kwenye pakiti, ili kila moja ifuatiliwe kutoka kiwandani hadi dukani. Ofisa, au hata mnunuzi mwenye simu, anaweza kuikagua papo hapo.

Tatizo ni kwamba stempu imebandikwa kwenye pakiti, na wavutaji wengi hawanunui pakiti. Sheria ya 2007 ya kudhibiti tumbaku hairuhusu kuuza sigara mojamoja, lakini vibandani ndivyo zinavyouzwa. Mteja anatoa sarafu, anapokea fegi moja, anaiwasha kwa kiberiti cha muuzaji na kwenda zake. Pakiti imebaki chini ya meza, na stempu, kama ipo, muuzaji peke yake ndiye aliyeiona.