Barua ya kumwomba mwenye nyumba muda

Dar es Salaam wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kwa hiyo mshahara ukichelewa, pengo huwa kubwa. Barua ya kuomba muda ifike kabla ya tarehe ya kodi; ikifika baadaye, husomeka kama kisingizio.

Tuchukue fundi anayelipa 150,000 kwa mwezi, miezi mitatu mitatu. Kodi yake ni tarehe 1, lakini mwajiri amemwahidi malipo tarehe 12. Anaandika:

“Shikamoo mama. Kodi yangu ya shilingi 450,000 inatakiwa tarehe 1. Malipo yangu ya kazi yamechelewa, nimeahidiwa tarehe 12. Naomba nilipe 150,000 tarehe 1, na 300,000 zilizobaki tarehe 16. Masharti mengine ya mkataba yabaki yalivyo. Naomba jibu lako kwa maandishi.”

Hakutaja tarehe 12 kuwa siku ya kulipa. Amejiachia siku nne, maana ahadi ikivunjwa mara moja, ombi la pili halisikilizwi. Sehemu anayotanguliza nayo inaonyesha kuwa hakimbii deni.

Barua pekee haibadilishi mkataba. Mwenye nyumba akinyamaza, tarehe ya kodi inabaki ileile, hivyo afuatilie mpaka apate jibu, hata la ujumbe wa simu, na alihifadhi. Akitoa ile 150,000, adai risiti inayosema ni malipo ya sehemu na kiasi kilichobaki.