Kuomba punguzo kwa muuzaji wa jumla

Punguzo la muuzaji wa jumla hutoka kwenye faida yake, na faida hiyo hailingani kwa kila bidhaa. Kwenye mfuko wa sukari wa kilo 50, ambao bei yake kila mteja anaijua, mara nyingi anabakiza kidogo sana, kwa hiyo anayebishania sukari hupoteza muda. Kwenye sabuni, biskuti au vipodozi kuna nafasi zaidi, na mara nyingi kiwanda chenyewe humwongezea muuzaji katoni za bure akifikisha lengo la mauzo. Hapo ndipo pa kuomba.

Tuchukulie mwenye duka la rejareja Mbagala anayefuata mzigo Kariakoo. Kila wiki ananunua katoni 6 za sabuni ya unga, na tuseme katoni moja ni shilingi 36,000. Kwa wiki 13 amechukua katoni 78, zenye thamani ya shilingi 2,808,000. Muuzaji haoni hesabu hiyo. Anachokiona ni mteja wa katoni 6, sawa na wengine kumi waliopita asubuhi ile. Na ikiwa mwenye duka alinunua katoni 3 hapa na 3 duka la pili, hakuna hata mmoja anayemtambua kuwa mteja mkubwa. Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kuomba: kuhamishia manunuzi sehemu moja na kutunza risiti za EFD, kwa sababu risiti zinaonyesha kiasi, tarehe na malipo kwa pamoja.

Ombi lenyewe hufaa kutolewa duka likiwa limetulia, wala si wakati foleni ya wapakiaji imejaa mlangoni, na litolewe kwa mwenye mali au msimamizi aliye na mamlaka ya kugusa bei. Maneno machache yanatosha: "Bosi, miezi mitatu hii nimechukua kwako katoni 78, zote taslimu, risiti hizi hapa. Nikianza kubeba 12 kwa mkupuo kila baada ya wiki mbili, utanifanyia 35,000?" Mwombaji ametaja alichokwisha kufanya, atakachobadilisha na bei anayoitaka. Anayesema tu "nipunguzie, mimi mteja wako" hajampa muuzaji cha kupigia hesabu.

Malipo taslimu yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Wateja wengi huchukua mzigo kwa mali kauli, wakalipa baada ya kuuza, na wengine huchelewa. Fedha iliyo mikononi mwa mdaiwa haiwezi kurudi kiwandani kununua mzigo mwingine. Kwa sababu hiyo si busara kuomba punguzo na mali kauli kwa pamoja, maana kila kimoja kinamgharimu muuzaji.

Muuzaji akikataa kushusha bei, mara nyingi sababu ni masikio ya waliosimama karibu: bei ikisikika, kila mteja ataidai. Nyongeza huwa rahisi kwake. Akisema hutoa katoni 1 ya bure kwa kila 20, mteja wa 12 haifikii, lakini anaweza kuomba mizigo miwili ya mwezi ihesabiwe pamoja. Atalipia katoni 24, yaani shilingi 864,000, na kupata 25. Kila katoni inamwangukia shilingi 34,560, nafuu kuliko ile 35,000 aliyoiomba. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye daftari la muuzaji, kwani muuza duka wa zamu ya mwezi ujao huenda hakuwepo.

Kiasi kikubwa kina gharama yake. Katoni 12 kwa 35,000 ni shilingi 420,000, wakati 6 za awali zilikuwa shilingi 216,000. Shilingi 204,000 za ziada hukaa stoo wiki nzima ili kuokoa 12,000 na nauli ya safari moja. Kama fedha hiyo ingewekwa kwenye unga unaoisha kwa siku tatu na kuleta faida kubwa zaidi, punguzo hilo ni hasara. Sabuni haiharibiki upesi. Kwa biskuti au maziwa ya pakiti ni lazima kwanza kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu mzigo unaokaribia kuisha muda wake ndio muuzaji hupunguza bila hata kuombwa.

Baada ya kukubaliwa, kinachopaswa kulinganishwa ni jumla ya risiti nzima. Katoni ya sabuni inaweza kushuka shilingi 1,000 huku dazeni ya viberiti na ndoo ya mafuta zikipanda kimyakimya siku hiyohiyo. Risiti ya mwezi uliopita ikiwekwa kando ya mpya, jambo hilo huonekana palepale kaunta, kabla mzigo haujapakiwa kwenye guta.