Barua ya Shangazi kwa Binti wa Kidato cha Nne

Barua ina kurasa nne za daftari, na ukurasa wa pili wote ni hesabu. Shangazi, mhasibu wa Morogoro, anamwandikia binti wa kaka yake aliyemaliza kidato cha nne. Nyumbani wanavutana: baba anataka kidato cha tano na chuo kikuu, binti anataka kusomea umeme wa majumbani VETA.

Shangazi anaanzia mfukoni mwake. Yeye alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi, na anakiri kuwa shahada ndiyo iliyompa kazi. Ila bumu lile lilikuwa deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mwenye 900,000 huacha 135,000 kila mwezi mpaka mkopo uishe. "Sikutishi mwanangu, nakuonyesha," anaandika.

Umeme nao hausifii bure. VETA ina ngazi tatu, na huko binti atajifunza kupitisha mabomba ukutani, kuvuta waya wa milimita 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, kisha kufunga ethi na kupima. Tatizo huanza mtaani. TANESCO haiungi umeme nyumba mpya bila kazi kuthibitishwa na mtu mwenye leseni ya EWURA. Fundi asiye na leseni hufanya kazi yote juani, halafu humlipa mwingine aithibitishe. Ndiyo maana shangazi anamtaka binti asiishie kwenye cheti cha kwanza na kuanza kuzunguka na koleo; asome, kisha afuatilie leseni.

Hofu ya baba ni kwamba VETA inafunga mlango wa chuo kikuu. Haifungi. Mwenye ngazi ya tatu na cheti cha kidato cha nne anaweza kuingia chuo cha ufundi, asome astashahada na stashahada, kisha aombe shahada. Hapa shangazi anapita haraka mno: njia hiyo ni ndefu kuliko ya kidato cha sita, na stashahada yenye GPA chini ya 3.0 kwa kawaida haimfikishi mtu kwenye shahada.

Kuna njia ya katikati ambayo familia nyingi huisahau. Mwanafunzi aliyefaulu fizikia na hisabati kidato cha nne anaweza kuomba moja kwa moja vyuo kama DIT au Chuo cha Ufundi Arusha, na kupata stashahada ya umeme kwa miaka mitatu. Shangazi anaipendelea hii, ila hamlazimishi.

Anachomwomba ni kwenda na baba yake mpaka karakana ya VETA iliyo karibu kabla ya kujaza fomu yoyote. Waulize wanafunzi wangapi hugawana ubao mmoja wa mazoezi, mafunzo viwandani ni ya muda gani, na nani huwatafutia nafasi. Majibu, anasema, amtumie kwa WhatsApp jioni hiyo hiyo.