Usiku Usioandikwa Daftarini

Muuguzi wa zahanati, awe Ikungi, Mkalama au Manyoni, hutazama kipimajoto cha jokofu la chanjo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, akaandika namba katika daftari. Nazo namba zikiwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 huwa ameridhika, wala hana kosa, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa. Lakini baina ya jioni na asubuhi upo usiku mzima ambao daftari haliujui, na shahidi pekee wa usiku huo ni kinasa joto, chombo kidogo kilichowekwa miongoni mwa chupa za chanjo, ambacho husoma joto kila baada ya dakika chache na kulihifadhi pamoja na saa yake. Ushahidi wake nataka kueleza namna ya kuusoma, kwa maana aghalabu watu huutazama wakauliza swali moja tu, joto lilivuka nyuzi 8 au halikuvuka, ilhali ndani yake mna habari ya pili iliyo muhimu kama hiyo: umeme ulikatika lini, na kwa muda gani.

Jokofu lenye afya halikai katika joto moja. Kompresa ikinguruma joto hushuka, ikinyamaza joto hupanda taratibu mpaka ifike zamu yake ya kunguruma tena. Na mtu akiichora kumbukumbu hiyo karatasini, ataona mstari wenye meno kama ya msumeno. Meno hayo ndiyo mapigo ya moyo wa jokofu. Mlango ukifunguliwa siku ya kliniki, jino moja huruka juu ghafula kisha likarudi mahali pake. Kidhibiti joto kikiharibika, meno huendelea kama kawaida ila msumeno wote umehama juu au chini. Amma umeme ukikatika, meno hutoweka, na mahali pake huja mstari laini upandao pasipo kushuka, hadi lahadha ambayo umeme unarejea na mstari unapinda kuelekea chini.

Na tuchukue mfano, nilioutunga ili hesabu ionekane bayana. Kituo cha afya mkoani Singida kina jokofu lenye kuta za barafu, ambazo kazi yake ni kulinda ubaridi umeme usipokuwapo, na kinasa joto chake husoma kila dakika 10. Katika siku za kawaida kompresa hunguruma dakika 20, joto likashuka kutoka nyuzi 5.2 hadi 3.8, kisha hunyamaza dakika 40. Jumanne jioni joto lilifika 3.8 saa 1:20 usiku, likaanza kupanda kama ilivyo ada, na saa 2:00 likafika 5.2. Hapo kompresa ilipaswa kuamka, wala haikuamka. Joto liliendelea kupanda polepole, likavuka nyuzi 8 saa 7:30 usiku, likavuka nyuzi 10 saa 10:20 alfajiri, likafika kilele cha 11.4 saa 12:40 asubuhi, ndipo likaanza kushuka, na saa 2:10 asubuhi likawa limerudi chini ya nyuzi 8.

Muda wa joto kuzidi mpaka ni saa 7:30 usiku hadi saa 2:10 asubuhi, yaani saa 6 na dakika 40. Mwenye haraka atasema kwamba umeme nao ulikatika kwa muda huo, na hapo atakuwa amekosea sana, kwa sababu joto la kuvuka nyuzi 8 ni matokeo yaliyochelewa. Mwanzo wa kukatika hutafutwa pale jino la kwanza lilipokosekana, nalo ni la saa 2:00. Hata hivyo hatuwezi kuapa kwamba umeme ulikatika saa 2:00 hasa, kwa kuwa tangu saa 1:20 kompresa ilikuwa imenyamaza kwa hiari yake, na umeme ungaliweza kuondoka wakati wowote katika dakika hizo 40 pasi na dalili yoyote. Mwisho wake ni kilele cha saa 12:40, au kitambo kidogo kabla yake, maana kidhibiti umeme huchelewesha kuwasha kompresa kwa dakika kadhaa. Basi jawabu la haki si namba moja, bali ni masafa: baina ya saa 10 na nusu na saa 11 na dakika 20. Na kwa hoja hiyohiyo, umeme ukikatika kwa nusu saa ndani ya kimya cha kompresa, kumbukumbu ya joto haitautambua abadan.

Tukilinganisha sasa muda wa kukatika na mwendo wa joto, tunapata kulihukumu jokofu lenyewe. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, jokofu la aina hii lapaswa kukaa si chini ya saa 20 bila umeme kabla joto lake halijapita nyuzi 10, hata katika chumba chenye joto la nyuzi 43. Nalo la mfano wetu, katika usiku wa nyanda za juu za Singida ambao haufiki kamwe joto hilo, lilipita nyuzi 10 baada ya saa 9 au pungufu. Halikufika hata nusu. Yamkini mpira wa mlango umechakaa, au barafu ya kutani haikuwahi kuganda barabara kwa sababu umeme umekuwa ukikatika siku zilizotangulia. Hapo fundi ana kazi, na kulilaumu shirika la umeme peke yake hakutaponya kitu.

Na je, ni kweli kwamba laini ya umeme ndiyo iliyokatika? Kumbukumbu ya kituo kimoja haiwezi kutenganisha laini iliyokatika, plagi iliyochomolewa na mtu wa usafi, na uniti za LUKU zilizokwisha usiku. Linganisha na kituo jirani kilicho katika laini hiyohiyo: meno yakitoweka kotekote katika saa zilezile, sababu ni ya laini, yakitoweka kwako tu, anza na mita na plagi. Lakini kwanza hakikisha saa za vinasa joto zinaafikiana, kwani chombo huandika 19:20 palipo saa 1:20 usiku, na nani asiyejua kwamba mtu anaweza kuitega saa yake kwa hesabu ya Kiswahili, ikapishana na ya jirani kwa saa 6 kamili?

Sasa tazama linalonihuzunisha zaidi. Kengele ya kinasa joto kwa kawaida imetegwa kulia joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka chini ya nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60. Usiku ule wa saa 6 na dakika 40 haukuliza kengele. Daftari nalo liliandikwa saa 10 alasiri na saa 2:30 asubuhi, mara zote mbili namba zikiwa ndani ya mipaka. Ukija usiku wa pili na wa tatu wa namna hiyo, chanjo imekaa katika joto saa 20 nzima, na hakuna kengele wala daftari lililosema neno. Kinachozijumlisha saa hizo ni kiashiria kilichobandikwa kwenye chupa: mraba wake ukiwa umefanana rangi na duara lake, au kuwa mweusi zaidi, chupa hiyo haitumiki.

Kiashiria hicho, hata hivyo, hakijui baridi. Muuguzi aliyeona nyuzi 11 asubuhi hushawishika kukizungusha kidhibiti kwenye baridi kali ili kufidia, na usiku unaofuata, hasa Juni na Julai, chanjo za pepopunda, dondakoo, kifaduro na homa ya ini huganda zikaharibika ilhali kiashiria kinang'aa kama cha chupa mpya. Katika kumbukumbu utaona msumeno mzima umeshuka siku moja baada ya umeme kurejea. Ukiuona, shuku mkono wa mtu kabla ya kushuku chombo, na zichunguze chupa moja moja kwa jaribio la kutikisa.

Vipo pia vinasa joto vinavyohifadhi muhtasari wa kila siku tu, joto la juu na la chini. Navyo haviwezi kutoa muda wa umeme kukatika kwa hesabu yoyote, kwani meno ya msumeno hayamo. Kwa hiyo nakuomba wewe mwenye ufunguo wa chumba cha chanjo, na mlinzi alalaye kituoni: taa zikizimika, tazama saa, uiandike pembeni mwa daftari, na zikiwaka uandike tena. Mistari hiyo miwili huziba zile dakika 40 ambazo hakuna kinasa joto kiwezacho kuziona.