Sahihi Moja, Ruhusa Ngapi?

Siku chache baada ya kutoa taarifa ya ajali, mwenye bima hupokea barua kutoka kwa kampuni. Ukurasa wa kwanza una pole na namba ya dai. Wa pili unaorodhesha nyaraka zinazotakiwa. Wa tatu, ambao mara nyingi umepigwa chapa kwa herufi ndogo kuliko mingine, unaanza na neno "Ninaridhia" na kuishia na mstari wa sahihi. Watu wengi huutia sahihi ukurasa huo wakiwa wamesimama kaunta, kwa sababu wanachofikiria ni gari lililoko gereji.

Ukurasa huo ulipata uzito mpya nchini Tanzania tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika. Sheria hiyo inaitaka kampuni kumweleza mtu inakusanya nini, kwa kazi gani, na nani mwingine atakayepewa. Ndiyo maana barua za bima zimerefuka. Lakini barua ndefu si lazima iwe barua inayoeleweka, na penye mkanganyiko mkubwa ni hapa: si kila taarifa inayoombwa inahitaji ridhaa, na ridhaa inapohitajika, si lazima iwe ya mwenye bima.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Morogoro ana pikapu yenye bima kubwa. Dereva wake anagongana na gari dogo, na abiria aliyekaa mbele, fundi seremala, anavunjika mkono wa kulia. Dai ni moja, lakini ndani yake wamo watu wanne: mwenye pikapu, dereva, fundi na mwenye gari dogo. Kila mmoja ataacha taarifa zake katika jalada moja.

Kwa mwenye pikapu, kampuni inataka hati ya bima, kadi ya gari, kitambulisho, na jina na namba ya akaunti ya kulipia fidia. Kwa dereva inataka leseni na maelezo ya jinsi ajali ilivyotokea. Polisi watatoa taarifa ya ajali, na mkadiria hasara atapiga picha za gari na kuandika gharama ya matengenezo. Sehemu kubwa ya taarifa hizi haisimami juu ya ridhaa hata kidogo. Inasimama juu ya mkataba, kwa kuwa bila kujua nani alikuwa ameshika usukani na kama leseni yake ilikuwa hai, kampuni haiwezi kusema dai linalipika au halilipiki. Kitambulisho nacho kina sababu yake ya kisheria: kampuni za bima zinawajibika chini ya sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha haramu, hivyo lazima zimjue anayelipwa. Mwenye bima anaweza kukataa kutoa leseni ya dereva, lakini asishangae dai likikwama. Kampuni inayoweka vitu hivi chini ya neno "Ninaridhia" inampa mteja picha kwamba ana hiari mahali ambapo kwa kweli hana.

Hata hivyo, kutohitaji ridhaa hakumaanishi kukusanya ovyo. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeiona namba hiyo tayari anajua umri wa mwenye nayo. Nakala ya kitambulisho inayotumwa kwa wakala kupitia simu yake binafsi hubaki humo, katikati ya picha za harusi na za watoto, hata wakala akihama kampuni. Swali la kuuliza hapo ni dogo na lina haki: je, kuna anwani ya barua pepe ya idara ya madai, au kaunta ya kupokelea nyaraka, badala ya simu ya mtu?

Mambo hubadilika tunapofika kwa fundi seremala. Taarifa za afya zimo katika kundi ambalo sheria inaliita taarifa binafsi nyeti, pamoja na taarifa za watoto, alama za vidole na mengineyo. Kifungu cha 30 kinakataza kuchakata taarifa za aina hiyo bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa katika mazingira yaliyotajwa, kwa mfano zinapohitajika kufungua au kutetea shauri la kisheria. Hospitali nayo ina wajibu wake wa kutunza siri za mgonjwa. Ofisa wa madai akifika na barua ya kampuni peke yake, daktari hana sababu ya kumfungulia jalada.

Anayetakiwa kutia sahihi hapo ni fundi mwenyewe. Mwenye pikapu ndiye aliyelipa bima, jina lake ndilo liko kwenye hati, na pengine ndiye aliyelipa gharama za kwanza za hospitali, lakini mkono uliovunjika si wake. Hana mamlaka ya kuridhia kwa niaba ya mtu mzima mwenye akili timamu. Fomu yenye mstari mmoja tu wa sahihi, wa mwenye bima, huku ikiomba taarifa za matibabu za "majeruhi wote", ina kasoro ya msingi. Majeruhi akiwa mtoto, mzazi au mlezi wake ndiye wa kuzungumza naye. Kosa hili hutokea kirahisi kwa sababu fomu ya polisi ya majeruhi, PF3, huzunguka mikononi mwa watu wengi: ndugu, dereva, tajiri wa gari. Kila mmoja huipiga picha. PF3 huwa na maelezo ya daktari kuhusu jeraha, na picha yake ikishatua katika kundi la WhatsApp haina tena mlinzi.

Kampuni ina sababu gani ya kutaka kujua habari za mkono wa fundi? Sababu zipo, na ni za haki. Inapaswa kujua kwamba jeraha lilitokana na ajali hii na si ya zamani, kwamba mfupa umeunga au haujaunga, na kama fundi ataweza tena kushika randa. Jibu la swali la mwisho ndilo hubadilisha kiasi cha fidia, kwa hiyo anayenyima taarifa hizo kabisa anajinyima pia njia ya kuthibitisha dai lake.

Tatizo huwa katika upana wa sentensi. Fomu ya aina moja husema: "Ninaridhia hospitali yoyote kutoa taarifa zangu zote za afya kwa kampuni, mawakala wake na mtu mwingine yeyote, kwa madhumuni yoyote." Kwa sahihi hiyo, vipimo ambavyo fundi alifanya miaka ya nyuma, visivyohusiana kabisa na mkono, vinaweza kuingia katika jalada la gari. Fomu iliyoandikwa kwa uangalifu inataja hospitali kwa jina, inataja jeraha la mkono wa kulia la ajali ya tarehe fulani, inaomba picha za eksirei na ripoti ya daktari, na kuongeza swali moja la nyuma: kama mkono huo uliwahi kuumia. Kisha inaweka ukomo, kwa mfano hadi dai litakapofungwa. Ya kwanza inamkinga ofisa dhidi ya usumbufu wa kurudi kuomba tena. Ya pili inalipa dai lile lile bila kumvua fundi nguo.

Anayekutana na fomu ya kwanza anaweza kuomba ya pili. Anaweza pia kukata kwa kalamu maneno "zote" na "yoyote", kuandika jeraha na tarehe pembeni, kutia sahihi ndogo palipokatwa na kubaki na nakala. Na ikiwa katika aya hiyo hiyo kumechomekwa ruhusa ya kumtumia matangazo ya bima ya maisha au mikopo, hiyo haihusiani na dai. Fidia haipaswi kusubiri mtu akubali kutumiwa matangazo.

Jambo la pili linaloumiza fundi ni kipato. Akidai fidia ya wiki ambazo hakufanya kazi, kampuni itataka ushahidi, na ofisa wengi huomba taarifa ya miamala ya simu ya miezi kadhaa. Miamala ya kifedha ya mtu nayo imo katika orodha ya taarifa nyeti. Ukurasa mmoja wa miamala hiyo unaonyesha malipo ya wateja, lakini unaonyesha pia aliyemtumia mama yake, ada ya shule, mchango wa msiba na deni la dukani, tena kwa majina na namba za watu ambao hawajui hata kama kulitokea ajali. Daftari la kazi, risiti, au miamala iliyofichwa mistari isiyohusu wateja vinaweza kuthibitisha kipato hicho hicho. Inafaa kupendekeza hivyo kabla ya kuchapisha kila kitu.

Barua nzuri itasema pia jalada linakwenda wapi. Mkadiria hasara hulipata kwa ajili ya gari. Wakili hulipata ikiwa mwenye gari dogo ameshtaki. Dai likiwa kubwa, kampuni ya bima mtawanyo, inayobeba sehemu ya hasara, itataka kuona maelezo yake, na wakati mwingine kampuni hiyo iko nje ya nchi. Kwa kuwa kampuni ya bima mtawanyo inapima kiasi cha hasara, mara nyingi aina ya jeraha na makadirio ya fidia hutosha bila jina la fundi.

Fundi anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote, bila kutoa sababu na bila kulipia. Hilo halifuti kilichokwishafanyika. Kampuni haitaendelea kuchota taarifa mpya hospitalini, na sehemu ya dai inayohusu mkono inaweza kusimama, ilhali matengenezo ya pikapu yanaendelea. Wala jalada zima halitachomwa siku hiyo: kesi ya mkataba inaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita na ya madhara kama haya ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo kampuni ina sababu ya kutunza kumbukumbu za kujitetea kwa kipindi hicho.

Haki ya kuona na kusahihisha haisemwi sana, ingawa ndiyo huokoa madai mengi. Ripoti ikiandika kwamba usukani ulishikwa na fundi badala ya dereva, mtu asiye na leseni ameingizwa katika kiti kisicho chake, na dai zima linaweza kukataliwa. Kosa kama hilo huonekana tu kwa anayeomba nakala na kuisoma. Ombi la marekebisho huandikwa kwa afisa ulinzi wa taarifa binafsi wa kampuni, ambaye sheria inataka awepo. Barua isiyomtaja inatoa sababu ya kwanza ya kupiga simu.

Kampuni isipojibu, malalamiko kuhusu taarifa hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Mgogoro kuhusu kiasi cha fidia, au dai kukataliwa, una mlango mwingine: Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mtu mmoja anaweza kuwa na malalamiko ya aina zote mbili kutokana na ajali moja, na kila moja huandikiwa barua yake.