Bundi, Panya Shamba na Ule Mchoro wa Mawimbi Mawili

Msimu wa kupanda ukikaribia huku Buhigwe, maswali mawili hunifikia kwa wakati mmoja. Wakulima wa Manyovu na Munanila wanauliza dawa ya panya wanaofukua mbegu za mahindi. Vijana wanaolima huku wanasoma wananiletea swali la karatasi ya ikolojia ya mwaka wa kwanza: chora grafu ya mwindaji na mawindo, kisha eleza udhibiti unaotegemea wingi. Nimeona niyajibu yote mawili hapa, kwa sababu ni jambo moja. Na ukilielewa vizuri, utajua ni wiki gani ya kuweka mtego na ni wiki gani unapoteza hela yako.

Tuanze na mchoro

Chukua karatasi. Mstari wa chini ni muda, mstari wa kusimama ni idadi ya wanyama. Weka alama kwa namba hizi, ambazo nimezitunga kwa ajili ya kujifunza tu:

| Kipindi | Mawindo | Wawindaji |
|---|---|---|
| 0 | 50 | 5 |
| 1 | 90 | 10 |
| 2 | 50 | 15 |
| 3 | 10 | 10 |
| 4 | 50 | 5 |

Endelea hivyo hivyo hadi kipindi cha 8 ukirudia namba zile zile, halafu unganisha alama kwa mstari laini. Utapata mawimbi mawili. Wimbi la mawindo ni refu, la wawindaji ni fupi, na la wawindaji linachelewa nyuma ya lile la mawindo kwa robo ya mzunguko.

Hapo kwenye kuchelewa ndipo wengi wanapochemka. Wanachora vilele vyote viwili vimekaa pamoja. Angalia kipindi cha 1: mawindo wako kileleni, lakini wawindaji bado wanaongezeka, maana chakula ni kingi na watoto wao wanapona. Kipindi cha 2 wawindaji wako kileleni, ila mawindo tayari wameshaanza kuporomoka kwa sababu wanaliwa kuliko wanavyozaliana. Kipindi cha 3 mawindo ni wachache, wawindaji wanakosa chakula na kupungua. Kipindi cha 4 wawindaji wamebaki wachache, kwa hiyo mawindo wanapata nafasi ya kupanda tena. Ukiandika sentensi hizo nne chini ya mchoro wako, umeshaeleza mzunguko mzima.

Hesabu za mchoro huu zilifanywa miaka ya 1920 na Alfred Lotka na Vito Volterra, kila mmoja kivyake. Mfano maarufu wa vitabuni unatoka Kanada. Kumbukumbu za ngozi zilizonunuliwa na kampuni ya Hudson's Bay zilionyesha sungura na paka mwitu wa kule wakipanda na kushuka kila baada ya miaka kama 10.

Je, bundi ndiye anayeendesha panya wetu?

Mkulima akiuona mchoro huo huwaza hivi: panya wamejaa kwa sababu bundi na nyoka tumewaua, basi nikiwarudisha bundi panya watakwisha. Si wazo baya. Bahati nzuri limepimwa hapa hapa Tanzania.

Panya anayefukua mbegu zetu kwa wingi ni panya shamba, yule wa kahawia ambaye jike lake lina chuchu nyingi kuliko panya wengine. Mimba yake huchukua siku 23 hivi, na uzao mmoja unaweza kuwa na watoto 10 na zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro, pamoja na wenzao wa Ubelgiji na Denmaki, wamemfuatilia panya huyu tangu miaka ya 1980. Wanamtega, wanamwekea alama, wanamwachia, kisha wanamtega tena.

Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2006, walitumia mashamba ya mahindi. Mengine waliyafunika kwa nyavu ili ndege na wanyama wala panya wasiingie. Mengine waliyawekea nguzo za ndege kutua na masanduku ya bundi kutagia, ili wawindaji waongezeke. Mengine waliyaacha kama yalivyo. Tena baadhi waliyazungushia uzio ili panya wasitoke wala kuingia.

Kwenye mashamba ya wazi, yaani mashamba kama yako na yangu, mahali pasipo na mwindaji panya waliongezeka haraka zaidi na kilele chao kilikuwa juu zaidi. Kwa hiyo wawindaji wana athari kweli, hatuwasingizii. Lakini ndani ya uzio, ambako panya hawakuweza kuhama, tofauti hiyo haikuonekana. Hiyo inaashiria kwamba wawindaji huenda wanawafanya panya wahame, kuliko kupunguza idadi yao moja kwa moja kwa kuwala.

Kwa hiyo mawimbi ya panya shamba hayafanani na ya sungura wa Kanada. Bundi hazai kwa kasi ya panya, na shamba halina ukuta. Anayepandisha na kushusha idadi ya panya hawa ni mvua, na wingi wao wenyewe.

Panya wanavyojizuia wenyewe

Mwaka 1997 Herwig Leirs na wenzake walichapisha matokeo ya Morogoro katika jarida la Nature. Walionyesha kwamba kuishi na kupevuka kwa panya hawa kunategemea mambo mawili kwa pamoja: mvua iliyotangulia, na panya wangapi tayari wapo shambani. Hilo la pili ndilo tunaloliita udhibiti unaotegemea wingi. Wakibanana, kila mmoja anapata chakula kidogo na nafasi ndogo, kwa hiyo kasi ya kuongezeka inashuka. Wakiwa wachache, kasi kwa kila panya inapanda.

Mvua inaleta majani mabichi na mbegu za nyasi, na hapo ndipo panya wanapoanza kuzaa. Morogoro, mvua za vuli zikinyesha kwa wingi, panya wanazaa mapema kuliko kawaida, na watoto wa uzao huo wanawahi kuzaa wenyewe ndani ya mwaka huo huo. Kizazi kimoja cha ziada kinatosha kuleta mlipuko. Sisi wa nyanda za juu Kigoma tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei hivi, kwa hiyo usinakili kalenda ya Morogoro kama ilivyo. Mwendo ni ule ule lakini: mvua, kuzaa, wingi kuelekea mwisho wa msimu, kisha kupungua kiangazi.

Hesabu ya mtego

Sasa hebu tuweke namba. Kwenye karatasi ya mtihani kanuni huandikwa hivi:

```
dN/dt = rN(1 - N/K)
```

N ni idadi ya panya, K ni idadi ambayo shamba linaweza kubeba, na r ni kasi ya kuzaliana pale ambapo hakuna msongamano. Tuseme kwa mfano K ni panya 100 kwa hekta, na r ni 0.5 kwa mwezi.

Panya wakiwa 10, mwezi unaleta nyongeza ya 4 au 5. Wakiwa 50, nyongeza ni 12 na ushee. Wakiwa 90, nyongeza inarudi kwenye 4 au 5. Ukichora idadi dhidi ya muda unapata mstari wenye umbo la S: unaanza polepole, unapanda kwa kasi katikati, unalala karibu na K. Huo ndio mchoro wa pili wanaouhitaji kwenye karatasi yako, na usiuchanganye na ule wa mawimbi.

Mkulima wa kwanza anasubiri hadi panya wawe 90, ndipo anatega na kuua nusu. Wanabaki 45. Lakini 45 ni karibu kabisa na katikati ya S, pale panapopanda kwa kasi kuliko pote. Mwezi wa kwanza wanakuwa 57, wa pili 70, wa tatu 80, wa nne 88, na mwezi wa tano wamevuka 90. Panya 45 waliouawa, faida imekwisha.

Mkulima wa pili anatega panya wakiwa 10, kabla hawajaanza kuzaa, naye anaua nusu. Ameua watano tu. Baada ya miezi mitano shamba lake lina panya 31. Asingetega lingekuwa na 51. Panya watano wa mwanzo wa msimu wamempunguzia 20 baadaye.

Kanuni hii rahisi haihesabu mvua wala panya wahamiaji, kwa hiyo usitarajie namba hizo hizo shambani. Umuhimu wake ni kukuonyesha kwamba wakati wa kutega una uzito kuliko wingi wa maiti.

Kwenye shamba la Buhigwe

Mahindi yanaumizwa zaidi kuanzia usiku wa kupanda hadi miche ifikishe kama wiki mbili, panya anapofukua mbegu na kung'oa mche mchanga. Wakati huo unaangukia mwanzo wa mvua, kabla kuzaa hakujapamba moto. Kwa hiyo mtego wa wiki mbili kabla ya kupanda unafanya kazi mbili: unalinda mbegu, na unawapata panya chini kabisa ya S.

Pima kwanza. Weka mitego 20 kwa usiku tatu mfululizo, hiyo ni mitego-usiku 60. Ukinasa panya 9, kipimo chako ni 15 kwa kila 100. Kiandike, maana mwaka ujao utakilinganisha kwa mitego ile ile, mahali pale pale na mwezi ule ule. Vaa glavu unapowatoa, panya hubeba magonjwa.

Halafu ongea na majirani. Kumbuka kwamba panya huhama: nafasi ya panya aliyekufa inaweza kujazwa na wa jirani. Ukitega peke yako kwenye ekari moja katikati ya vichaka, unawaandalia nafasi wahamiaji. Mkitega wiki moja, mkasafisha mipaka na mkapanda kwa pamoja, wahamiaji wanakosa pa kutokea.

Na bundi? Mwache akae. Hatakumalizia mlipuko, lakini kila panya anayemla mwanzoni mwa msimu ni sawa na wale watano wa mkulima wa pili. Ukitumia sumu, okota na fukia mizoga kila asubuhi, kwa sababu bundi akila panya mwenye sumu naye anaweza kufa. Panya watarudi baada ya miezi michache, lakini bundi atachukua muda mrefu zaidi kurudi, kama atarudi.