Je, Wajua? Jipu la Kwapani Huenda Limeanzia Puani

Takriban watu 3 kati ya 10 hubeba puani bakteria aitwaye stafilokokasi aureasi bila kuumwa chochote. Ukijigusa pua kisha ukajikuna kwapa ulilonyoa jana, vidole humhamisha. Wembe umeacha michubuko isiyoonekana, na jasho limelainisha ngozi. Bakteria huteremka kwenye kishimo cha unywele hadi shinani. Mwili hupeleka chembe nyeupe za damu kupambana naye, na mabaki ya vita hivyo ndiyo usaha. Mapajani, msuguano wa nguo hufanya kazi ya wembe.

Kupona kwa jipu hakumwondoi bakteria aliyebaki puani, kwenye taulo au kwa mwenzako wa nyumbani, ndiyo maana jipu hurudi. Usilikamue, utamsukuma ndani zaidi. Likande kwa kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika, dakika 10, mara tatu au nne kwa siku, na taulo lako lisitumiwe na mwingine.

Majipu yakirudi-rudi, pima sukari. Yakitokea makwapa yote mawili, yakiacha makovu na vijitundu vinavyochuruzika, huenda si majipu ya kawaida bali ugonjwa wa hidradenitisi. Mwone daktari wa ngozi.